Jinsi ya kuuliza mshahara kabla hujakata tiketi ya kwenda kwenye usaili

Binamu yangu ni mhasibu, yuko Mbeya. Wakala wa ajira wa Dar es Salaam alimpigia: kuna nafasi kwenye kampuni moja, usaili ni Alhamisi, aje na vyeti halisi. Nauli ni yake, gesti ni yake, ruhusa ya kazini aombe mwenyewe, na mshahara haukutajwa kabisa. Nilimwambia asikate tiketi kwanza. Mimi nimewahi kukaa upande wa pili wa meza hiyo, nikiwaita watu kwenye usaili, kwa hiyo tulikaa kwenye simu tukalimaliza suala hilo hivi.

Mwongozo huu ni wa kampuni binafsi na mashirika. Kazi za serikali haziuhitaji, maana tangazo la Ajira Portal lenyewe mara nyingi huandika ngazi ya mshahara, TGS D au nyingine.

Hatua ya 1: Jua kiasi chako cha chini, kabla ya makato

Watu wengi wanajua wanachopokea benki tu. Mawakala wengi nao wanazungumza mshahara kabla ya makato. Usipobadilisha hesabu mapema, utafurahia kiasi kinachokushusha.

Kwa Tanzania Bara, mshahara ukiwa wa milioni moja na ushee, hesabu ni hii. Toa 10% ya NSSF. Kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi: kwenye milioni moja ya kwanza kodi ni 128,000, na kila shilingi inayozidi hapo inakatwa 30%. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB na hujamaliza deni, ondoa tena 15% ya mshahara wa msingi.

Chukua 1,800,000, wote ukiwa mshahara wa msingi. NSSF ni 180,000, inabaki 1,620,000. Kodi ni 128,000 jumlisha 186,000, yaani 314,000. HESLB ni 270,000. Mkononi inaingia 1,036,000. Binamu yangu alishtuka, maana Mbeya anapokea 950,000 na analala kwenye nyumba ya familia bila kodi ya pango.

Ukitaka kurudi nyuma, kutoka kiasi unachotaka mkononi hadi mshahara wa kutaja, fomula ni fupi:

```
mwenye deni la HESLB:  (mkononi - 172,000) / 0.48
asiye na deni:         (mkononi - 172,000) / 0.63
```

Inafanya kazi kwa mishahara inayozidi takriban 1,112,000 kabla ya makato. Binamu alihitaji 1,150,000 mkononi ili Dar impe nafuu yoyote. Fomula ya mwenye deni ikatoa 2,037,500. Tukaikuza kidogo: 2,050,000.

Hatua ya 2: Uliza kwa maandishi, siku hiyohiyo

Ujumbe wa WhatsApp. Si simu, na tafadhali si ujumbe wa sauti. Kwenye simu afisa ajira anajibu kwa kukisia na wewe unakubali kwa aibu. Kwenye maandishi anapata nafasi ya kufungua fomu ya mteja wake, yaani kampuni inayoajiri, au kumuuliza. Tulituma huu:

"Habari za mchana dada. Asante kwa kunifikiria kwa nafasi ya mhasibu, majukumu nimeyaelewa na nayamudu. Niko Mbeya, kwa hiyo kabla sijaomba ruhusa na kusafiri, naomba kujua bajeti ya mshahara kwa nafasi hii: ni kati ya kiasi gani na kiasi gani kwa mwezi, kabla ya makato? Asante sana."

Usiombe radhi kwa kuuliza.

Hatua ya 3: Akikurudishia swali

Hapa ndipo watu wanapokwama, na hapa ndipo tulipotumia muda mwingi.

Jibu la kwanza karibu kila mara ni: "Wewe unatarajia kiasi gani?" Ujue kwamba mwajiri anapompa wakala kazi ya kutafuta mtu, kwa kawaida kwenye maelezo ya nafasi kuna bajeti. Anayekuuliza mara nyingi anayo. Anataka tu aone kama unaweza kupatikana kwa bei ya chini, au anaogopa akitaja kikomo utang'ang'ania hapohapo. Uliza tena mara moja kwa upole: "Ningependa kusikia bajeti kwanza, ili nisitaje kitu kilicho nje ya uwezo wa mteja wako." Akikwepa tena, acha kuzungushana. Mara ya tatu anaanza kukuona msumbufu.

Sasa taja kiasi chako, lakini kwa swali la ndiyo au hapana: "Nikisema kuanzia 2,050,000 kabla ya makato, iko ndani ya bajeti au nje?" Swali hili nalipenda kuliko mengine yote, kwa sababu afisa ajira anaweza kulijibu bila kutoa siri ya mteja. Na usitaje viwango viwili. Ukisema "kati ya 1,800,000 na 2,200,000", kwenye fomu yako kitaandikwa 1,800,000. Nimeandika hivyo mara nyingi mimi mwenyewe.

Akiuliza unalipwa kiasi gani sasa hivi, usidanganye. Mwishoni huenda wakaomba hati ya mshahara au taarifa ya benki, na ukikutwa umeongeza, kazi inaota mbawa. Lakini pia hulazimiki kujibu swali hilo kama lilivyo. Binamu alijibu: "Mshahara wangu wa sasa ni wa Mbeya na mazingira yake. Kwa kuhamia Dar, ninaloangalia ni kuanzia 2,050,000." Dada yule hakurudia swali.

Jibu la "Mshahara ni wa maelewano" ni gumu zaidi, kwa sababu linaweza kumaanisha mambo tofauti. Kwenye kampuni ya mwenyewe, bosi huenda kweli hajaamua. Kwingine bajeti ni ndogo na wanaona aibu kuitaja. Au afisa ajira hajaambiwa. Swali la ndiyo au hapana linawachambua: ambaye hajaambiwa atasema "ngoja nimuulize mteja" na atarudi na jibu; mwenye bajeti ndogo atasema "njoo tu kwenye usaili, mtaongea huko". Ukisikia hilo la pili na uko mkoani, usisafiri. Omba usaili wa awali wa simu au video. Kama uko Dar na ni daladala moja tu, amua mwenyewe.

Hatua ya 4: Kabla ya makato au mkononi?

Akishataja kiasi, uliza hilo. Kisha uliza kama posho ziko ndani ya kiasi hicho au ni za juu yake. Basi.

Hatua ya 5: Endelea au jitoe

Kwa binamu yangu jibu lilikuja jioni: bajeti ni 1,500,000 hadi 1,800,000 kabla ya makato, posho zikiwa ndani, na mteja hawezi kuongeza. Ile 1,500,000, ikihesabiwa yote kama mshahara wa msingi, ingemwachia 892,000, pungufu ya anachopata sasa. Akaandika:

"Asante dada kwa uwazi. Kwa bajeti hiyo naomba nisiendelee, nafasi apewe mwingine. Ikitokea nafasi ya uhasibu kuanzia 2,050,000, nitashukuru ukinikumbuka."

Usiondoke kimya, na usiache kuandika kiasi kwenye ujumbe huo wa mwisho. Afisa ajira makini anakinakili pembeni ya jina lako, na akipata nafasi nyingine anajua kama akupigie au asikusumbue.