Kompresa moja juu ya miksi nzima: namna ya kuunganisha wimbo wenye sebene

Nyimbo nyingi tunazomalizia studio hapa Bukavu, ziwe za kwaya au za bendi, zina sehemu mbili: mwanzo wa polepole unaobebwa na sauti za waimbaji, kisha sebene inayobebwa na magita na ngoma. Kila chombo hurekodiwa peke yake, mara nyingi kwa siku tofauti, na hata baada ya kusawazisha viwango vyote, msikilizaji bado anaweza kuhisi kwamba wapigaji hawakuwa chumba kimoja. Kompresa iliyowekwa kwenye mkondo mkuu, yenye uwiano mdogo na inayoshika polepole, hupunguza hisia hiyo, kwa sababu gita, besi na sauti za watu hushuka na kupanda pamoja kwa mwendo mmoja.

Nitaonyesha kazi hii kwa wimbo wa kwaya moja ya Kadutu. Una vikundi vinne vya sauti, gita la solo, misolo, besi, kinanda na ngoma. Mwanzo wake una mapigo 96 kwa dakika, na sebene ina mapigo 125. Ninatumia programu ya REAPER na kompresa yake ya `ReaComp`, lakini kompresa yoyote yenye vidhibiti vilevile itafaa.

Hatua ya 1: Sawazisha miksi kwanza

Kompresa hii hairekebishi miksi iliyopinda. Ngoma ya mguu ikiwa kubwa kupita kiasi, ndiyo pekee itakayoiamrisha kompresa, na vyombo vingine vyote vitashushwa kwa kosa lisilo lao. Kwa hiyo ninasubiri mpaka viwango vikaribie mahali pake, kisha ninaiweka kompresa na kuendelea kuchanganya huku ikifanya kazi. Wako mafundi wanaoiweka dakika ya mwisho kabisa. Mimi sipendelei njia hiyo, kwa sababu kompresa hubadilisha uzito wa sauti za kuongoza dhidi ya ngoma, na badiliko hilo linahitaji kusikilizwa wakati bado kuna nafasi ya kusogeza vidhibiti vya kila chombo.

Hatua ya 2: Weka uwiano na muda wa kushika

Fungua `ReaComp` kwenye mkondo ulioandikwa `MASTER`, kabla ya limita kama ipo, kisha anza na thamani hizi:

```
Ratio      2:1
Attack     30 ms
Release    200 ms
Knee size  6 dB
```

Kwa uwiano wa 2:1, sauti inayovuka kizingiti, yaani kiwango ambacho kompresa huanzia kushusha, kwa desibeli 4 itatoka ikiwa imekivuka kwa desibeli 2 tu, maana yake imepunguzwa desibeli 2. Kwa uwiano wa 4:1, sauti ileile ingepunguzwa desibeli 3. Uwiano mdogo unaacha tofauti kati ya pigo zito na pigo jepesi iendelee kusikika, na ndiyo maana nikiona 2:1 bado inabana, ninashuka hadi 1.5:1 badala ya kuiondoa kompresa.

Muda wa kushika unahitaji uangalifu zaidi. Mguso wa kwanza wa fimbo kwenye ngoma na wa kidole kwenye waya wa gita humalizika ndani ya milisekunde chache, na ndio unaolifahamisha sikio kwamba pigo limeanza. Kwa milisekunde 30, kompresa haijapata nguvu zake zote wakati mguso huo unapita, kwa hiyo hushusha zaidi mwili wa sauti unaofuata. Si kwamba inalala kwa milisekunde 30 kisha inaamka: inaanza kazi papo hapo, ila taratibu, na watengenezaji hawapimi muda huo kwa namna moja. Milisekunde 30 za kompresa moja zinaweza kusikika tofauti na za nyingine. Kipimo changu ni misolo katika sebene. Rejesha `Attack` hadi 3 ms, usikilize, kisha ipandishe polepole. Utafika mahali ambapo kila noti ya misolo inasikika tena ikichomoza kivyake; simama hapo.

Hatua ya 3: Tafuta kizingiti kwenye sebene

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Fundi husikiliza mwanzo wa wimbo, anashusha kizingiti, yaani `Threshold`, mpaka mshale unaoonyesha upunguzaji ufike desibeli 2, anaridhika, halafu sebene inaingia na kompresa inashusha desibeli 5 au 6. Sebene iliyopaswa kufunguka inasikika ndogo kuliko mwanzo.

Kwa hiyo rudia sehemu ya sebene yenye sauti kubwa kuliko zote, pale waimbaji na magita wanapokutana, na ushushe kizingiti huko. Katika wimbo huu nilisimama pale upunguzaji ulipocheza kati ya desibeli 1 na 2, na kugusa 3 kwenye mapigo mazito machache. Niliporudi mwanzoni, mshale ulitikisika kwa takriban nusu desibeli tu. Hiyo inatosha.

Hatua ya 4: Linganisha muda wa kuachia na mapigo

Gawanya 60000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Kwa sebene hii:

```
60000 / 125 = 480 ms
```

Pigo moja ni milisekunde 480, na nusu yake ni 240. Ninaanza karibu na nusu hiyo au chini yake kidogo, kisha ninautazama mshale: unapaswa kukaribia sifuri kabla ya pigo linalofuata. Usiporudi kamwe, kompresa imegeuka kuwa kidhibiti cha sauti kilichoshushwa tu. Ukirudi kwa kasi mno, sauti itasikika ikipumua.

Upumuaji huo husikika kwanza kwenye vitu vidogo: mwangwi wa sauti za waimbaji na matoazi. Vikizama kila ngoma ya mguu inapopigwa, pandisha kidhibiti cha `Highpass` ndani ya `ReaComp` hadi karibu hezi 90. Kidhibiti hicho hakikati besi katika wimbo. Kinaizuia kompresa isiitegemee besi inapoamua kushusha.

Hatua ya 5: Linganisha kwa kiwango kilekile

Zima `Auto make-up`, kwa kuwa mara nyingi huongeza sauti kuliko ilivyopunguzwa, na sikio hupenda chochote chenye sauti kubwa zaidi hata kama kimeharibika. Pandisha `Wet` kwa mkono, kwa wimbo huu desibeli 1.5, mpaka kuwasha na kuzima kompresa kusibadilishe ukubwa wa sauti. Kisha sikiliza sebene kwa sauti ndogo, ukiiwasha na kuizima huku umefumba macho. Ikiwa imewashwa, magita yanapaswa kukaa ndani ya ngoma badala ya kuelea juu yake. Ikiwa waimbaji wa kuongoza wamerudi nyuma, wapandishe nusu desibeli kwenye mkondo wao, wala usiguse kizingiti. Na ikiwa husikii faida yoyote, iondoe.

Wimbo unapokwenda kwa fundi wa masta, ninazima limita na kuiacha kompresa hii, kwa sababu viwango vyote vilipangwa ikiwa imewashwa, na ninaambatanisha faili la pili lisilo nayo ili awe na uhuru wa kuchagua.