Jinsi ya kuiandikia benki barua ya kuzuia akaunti ya mzazi aliyefariki

Fedha za marehemu haziibwi wakati wa kugombea mirathi mahakamani. Huondoka wiki ya kwanza, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mkeka. Kadi ya ATM iko kwenye pochi, namba ya siri inajulikana na mjukuu aliyekuwa akitumwa kutoa pensheni, na laini ya simu iliyounganishwa na benki bado inashika mtandao. Familia nyingi husubiri arobaini ipite, kikao cha ukoo kikae, msimamizi apendekezwe, ndipo waende benki, na huko hukuta salio la kulipia makato tu.

Kuzuia akaunti hakuhitaji kikao wala msimamizi. Benki hufanya kazi kwa maagizo ya mteja, na mteja akifa maagizo yake yanakoma pale benki inapopata taarifa ya kifo. Hata mtu aliyepewa idhini ya kumwakilisha mzazi alipokuwa hai, idhini hiyo hufa pamoja na aliyeitoa. Kwa hiyo mrithi yeyote anaweza kupeleka taarifa. Haombi kupewa fedha, anaomba zisiguswe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama, mwalimu mstaafu, amefariki Korogwe. Pensheni yake ya PSSSF inaingia kila mwezi kwenye akaunti ya akiba, na mpangaji wa chumba cha uani analipia humohumo. Ameacha watoto wanne, mmoja yuko Mwanza. Kadi haionekani. Binti anayeishi jirani ndiye atakayeandika.

Kwanza akusanye viambatisho. Cheti cha kifo cha RITA ndicho bora, lakini kama bado hakijatoka asikisubiri: atumie nakala ya tangazo la kifo kutoka hospitali au kibali cha mazishi, na aahidi kwenye barua kuleta cheti baadaye. Aongeze nakala ya kitambulisho chake cha NIDA, cheti chake cha kuzaliwa chenye jina la mama, na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayomtambulisha kuwa mtoto wa marehemu. Namba ya akaunti hupatikana kwenye kadi ya zamani, kitabu cha benki au risiti ya kuwekea fedha. Ikikosekana kabisa, jina kamili la mama kama lilivyoandikwa benki na namba yake ya NIDA vinatosha kumtafuta.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja:

S.L.P. …, Korogwe
Simu: …
Tarehe: …

Meneja wa Tawi,
Benki ya …,
S.L.P. …,
Korogwe.

YAH: TAARIFA YA KIFO NA OMBI LA KUZUIA AKAUNTI NAMBA … YA MAREHEMU …

Husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mtoto wa marehemu …, mteja wa tawi lako, aliyefariki tarehe … katika hospitali ya …. Nakala ya kibali cha mazishi imeambatishwa. Cheti cha kifo nitakileta mara kitakapotolewa.

Kwa barua hii naomba benki isiruhusu fedha yoyote kutoka katika akaunti hii na nyingine yoyote iliyo kwa jina la marehemu, ikiwa ni pamoja na kwa kadi ya ATM, huduma ya benki kwa simu yenye namba …, wakala, hundi, na maagizo ya malipo ya kudumu. Kadi ya marehemu haijaonekana, naomba ifungwe.

Naomba zuio liendelee mpaka msimamizi wa mirathi atakapoteuliwa na mahakama na kuwasilisha barua ya usimamizi. Iwapo marehemu ana mkopo katika benki yako, naomba barua hii ihesabiwe pia kuwa taarifa ya kifo kwa ajili ya bima ya mkopo huo.

Siombi kulipwa fedha wala kujulishwa salio. Naomba kuthibitishiwa kwa maandishi kuwa barua hii imepokelewa na kufanyiwa kazi.

Jina, sahihi, namba ya NIDA.

Aya inayoanza na “Kwa barua hii” ndiyo yenye kazi. Ukiandika tu “naomba mfunge akaunti”, karani anaweza kuzuia malipo ya dirishani na kuiacha huduma ya simu hai, na huko ndiko fedha zinakopita usiku. Taja kila njia kwa jina lake. Sentensi ya “siombi salio” nayo ina maana yake. Benki haiwezi kumpa siri za mteja mtu ambaye mahakama haijamteua, na ukiiomba, barua inaweza kuwekwa pembeni ikisubiri ushauri wa makao makuu huku ombi lako la haraka likilala nayo.

Usiandike kwamba kaka yako anataka kuiba, hata kama unaamini hivyo. Meneja si hakimu, na barua hiyo itasomwa siku moja mahakamani na huyohuyo kaka. Wengine wakikubali, waweke sahihi zao chini. Wasipokubali, sahihi yako moja inatosha kupeleka taarifa.

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki benki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, jina na sahihi ya aliyepokea. Ukiambiwa “tutakupigia”, kaa hapohapo mpaka muhuri ugongwe. Siku hiyohiyo peleka taarifa kwa kampuni ya simu, kwa sababu fedha zilizo kwenye laini haziko chini ya benki, na uiandikie PSSSF. Pensheni inayoingia baada ya kifo si ya warithi, mfuko unaweza kuidai, na ikiwa imeshaliwa ndugu wanaweza kutakiwa kuirudisha.

Kama akaunti ni ya pamoja, kwa mfano baba na mama, tulia kwanza. Uliza masharti ya sahihi yalivyo kabla ya kuomba zuio, la sivyo utamnyima mzazi aliyebaki fedha za dawa.

Zuio hili lina mpaka. Barua yako si amri ya mahakama. Mtu akija na barua ya usimamizi iliyotolewa kihalali, kwa Mahakama ya Mwanzo ni Fomu Na. IV, benki itamsikiliza yeye, si wewe. Ukiwa na wasiwasi na anayeomba usimamizi, mahali pa kupeleka pingamizi ni mahakama ya pale marehemu alipokuwa akiishi, katika muda uliotajwa kwenye tangazo la shauri, ukiwa na nakala yenye muhuri mkononi.

Msimamizi akishateuliwa, anaandika barua yake ya kuomba zuio liondolewe, akiambatisha fomu hiyo na cheti cha kifo. Mahakama inaweza kuelekeza fedha zipite kwenye akaunti ya mirathi kabla ya kugawanywa. Katika Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ana miezi minne tangu kuteuliwa kuwasilisha orodha ya mali kwa Fomu Na. V, na hapo taarifa ya akaunti inahitajika. Ikifika, isome pamoja na ile nakala ya barua. Fedha iliyotoka baada ya kifo lakini kabla ya tarehe ya muhuri atadaiwa aliyeitoa. Iliyotoka baada ya tarehe hiyo, benki ndiyo itakayoulizwa.