Jinsi ya kujaza kipengele cha ukubwa wa sampuli unapoomba kibali cha maadili NIMR

Ombi la kibali cha maadili kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) huambatana na andiko la utafiti, na ndani yake lazima ueleze umepataje idadi ya watu utakaowahoji. Tuchukue utafiti wa kaya kuhusu wanawake wanaotumia uzazi wa mpango.

Anza na hesabu ya kawaida. Ukikadiria asilimia 50, na ukitaka kosa lisizidi asilimia 5 kila upande, unapata wanawake 385. Wengi huishia hapo, na ndipo andiko hurudishwa. Idadi hiyo ni ya watu waliochaguliwa mmoja mmoja nchi nzima, ilhali wewe utachagua kwanza maeneo ya kuhesabia watu, kisha wanawake kadhaa katika kila eneo. Majirani hutumia zahanati moja na husikia mahubiri yaleyale, kwa hiyo mwanamke wa 15 wa mtaa mmoja hakuongezei habari nyingi kama yule wa kwanza. Hasara hiyo ndiyo athari ya muundo wa sampuli, na hufidiwa kwa kuongeza watu:

```
DEFF = 1 + (m - 1) × ICC
```

Hapo m ni idadi ya wanawake kwa kila eneo, na ICC ni kiwango cha kufanana kwao.

Hatua ya pili ni kutafuta ICC. Fungua kiambatisho cha makosa ya sampuli katika ripoti ya utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto (TDHS). Uwe makini sana hapa: safu iliyopo ni DEFT, kipeuo cha pili cha DEFF. Tuseme umekuta 1.4. Izidishe kwa yenyewe, unapata 1.96. Ukiandika 1.4 kama ilivyo, sampuli yako itapungua kwa karibu theluthi moja.

Usiinakili hiyo 1.96 pia, maana inategemea idadi waliyohoji wao. Kama ni wastani wa wanawake 25 kwa eneo, ICC ni 0.96 ÷ 24, yaani 0.04. Wewe ukihoji 15, DEFF yako ni 1 + 14 × 0.04 = 1.56.

Sasa malizia: 385 × 1.56 ni 601. Ukitarajia asilimia 10 wasipatikane, gawanya kwa 0.9 (usizidishe kwa 1.1): 668. Gawanya kwa 15, unahitaji maeneo 45, hivyo wanawake 675.

Ukipunguza hadi 10 kwa eneo, wanawake wanashuka hadi 590 lakini maeneo yanapanda hadi 59. Mimi ningelinganisha kwanza gharama ya gari na mafuta, kisha nihakikishe idadi niliyoichagua ndiyo iliyo kwenye bajeti na ratiba ya ombi.