Usimpe bosi wastani wa asilimia

Mnaokusanya taarifa za miradi midogo mingi, acheni kujumlisha asilimia. Hapa Kigoma nilikuwa na miradi 18 ya visima na madarasa. Kumi na saba ilikuwa imekamilika kwa 80%, na kisima kimoja cha Uvinza 10% tu. Wastani ukasoma 76%, bosi akaridhika, kumbe pampu ilikuwa ikisubiri saini yake mwenyewe na masika yanakaribia.

Siku hizi kila mradi una mstari mmoja kwenye lahajedwali: safu B tarehe ya kumaliza kwa mkataba, C tarehe tunayotarajia kumaliza sasa, D siku ya taarifa ya mwisho, E rangi, F uamuzi anaotakiwa kuutoa bosi. Rangi haichaguliwi na msimamizi, maana wengi huweka kijani hadi dakika ya mwisho. Inatoka kwenye tarehe:

```
=IF(TODAY()-D2>14,"Kijivu",IF(C2-B2>30,"Nyekundu",IF(C2-B2>7,"Njano","Kijani")))
```

Kijivu ni taarifa iliyochacha, na mimi huanza kupiga simu huko kabla ya nyekundu. Miradi iliyokamilika ihamishieni karatasi nyingine, la sivyo nayo itageuka kijivu. Bosi hupata ukurasa mmoja: idadi ya kila rangi juu, chini yake miradi yenye neno kwenye F pekee.