Jinsi ya Kukusanya Nafaka ya Usharika Wakati wa Mavuno na Kuigawa Wakati wa Palizi

Mwongozo huu unawahusu wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya na kamati za misikiti zinazotaka kusaidia kaya zenye njaa katika vijiji vya Dodoma. Nimekuwa mtunza ghala wa usharika mmoja wilayani Chamwino kwa misimu kadhaa, na ninayoyaeleza hapa ndiyo tunayoyafanya sasa, baada ya msimu wa kwanza kutuharibikia.

Kabla ya hatua yenyewe ya kwanza, kamati ielewe kalenda ya njaa. Kanda yetu ina msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Mwezi Juni kila nyumba ina chochote, hata kama ni kidogo, na bei ya mahindi iko chini. Ifikapo Januari ghala la mkulima maskini ni tupu, bei imepanda, na shamba lake linadai palizi. Mama asiye na unga siku hiyo hawezi kupalilia shamba lake. Huchukua jembe akaenda kufanya kibarua katika shamba la mwenzake ili apate debe la kula, na anaporudi kwake magugu yameshamzidi mtama. Kwa hiyo njaa ya Januari hii ndiyo inayozaa njaa ya Januari ijayo. Makanisa mengi hukusanya chakula katika sikukuu ya mavuno na kukigawa wiki hiyo hiyo, jambo ambalo ni jema kwa ibada lakini halimfikii mtu pale anapokwama. Kazi ya kamati ni kuichukua nafaka ya Juni na kuifikisha Januari ikiwa salama.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya kaya kabla ya kutangaza sadaka.

Mtu mmoja anahitaji takriban gramu 400 za nafaka kwa siku. Kaya ya watu watano, kwa hesabu hiyo, hula kilo 2 kwa siku, yaani kilo 60 kwa mwezi. Usharika wa kijijini hauwezi kubeba mzigo huo wote, na wala si lazima ubebe, kwa kuwa lengo ni kumpa mtu siku za kutosha kumaliza palizi yake. Sisi hutoa nusu: kilo 30 kwa kaya kwa mwezi, kwa miezi ya Januari na Februari. Kaya 20 zikipewa kilo 60 kila moja kwa miezi hiyo miwili, zinahitajika kilo 1,200, yaani magunia 12 ya kilo 100. Namba hiyo ndiyo inayotangazwa, kwa sababu watu hutoa vizuri zaidi wanapojua kikomo cha wanachoombwa.

Hatua ya pili: kusanya kwa sado, na upokee kwa uchaguzi.

Kila kaya iliyovuna huombwa sado mbili. Debe moja ni sado tano, na debe la mahindi makavu lina uzito wa kilo 18 hivi, kwa hiyo kaya 90 zikitoa sado mbili mbili tunapata debe 36, ambazo ni kilo 648. Tukishapepeta na kuchambua hubaki kama kilo 600, yaani magunia sita. Magunia sita mengine tunayanunua mwezi Julai kwa fedha za washarika waishio mjini, ambao hawalimi lakini hupenda kuchangia. Wakati huo soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, huwa limejaa mzigo.

Jambo gumu katika hatua hii ni kukataa sadaka. Kuna mzee atakayeleta mahindi ya mwaka jana yaliyotobolewa, na kuna mama atakayeleta karanga. Yale mahindi yana dumuzi, yule mdudu ambaye wengine humwita skania, na sado moja yenye dumuzi inatosha kuliharibu gunia zima. Karanga tunazikataa kwa sababu ya sumukuvu. Wenyeji wa Dodoma na Manyara hawajasahau mwaka 2016, ambapo watu walikufa kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota zaidi katika mahindi na karanga. Haina harufu wala ladha inayoweza kuaminika kuitambua, na kuipika hakuiondoi. Kanisa likimpa mtu chakula cha namna hiyo litakuwa limemwua kwa sadaka. Mtoaji ashukuriwe kwa heshima, aelezwe sababu, na kama ni kuku au fedha anayo, apokelewe hivyo.

Kama washarika wanaweza kuchagua, waombe watoe mtama au uwele kuliko mahindi. Nafaka hizi hushambuliwa na ukungu huo kwa kiwango kidogo zaidi, na dumuzi hapendi punje ndogo kama anavyoyapenda mahindi. Isitoshe, ugali wa uwele kwa mlenda ndicho chakula ambacho bibi wa Kigogo anakifahamu tangu utoto, na sijaona aliyeurudisha.

Hatua ya tatu: kausha, kisha pima kwa chumvi.

Hapa ndipo msimu wetu wa kwanza ulipopotea. Tulipokea mahindi, tukayamimina katika viroba vya kawaida, tukafunga mlango na kumshukuru Mungu. Mwezi Novemba tulipofungua, nusu ya magunia ilikuwa vumbi jeupe, na matatu yalikuwa na mahindi yaliyoshikana kwa ukungu. Tuliyafukia shimoni, kwa maana hata kuku hatukuthubutu kuwapa.

Nafaka ianikwe juu ya turubai safi, kamwe isianikwe ardhini, kwa sababu vijidudu vya ukungu huishi katika udongo wenyewe. Igeuzwe mara kadhaa kwa siku na ifunikwe jioni kabla umande haujaanguka. Mahindi ya kuhifadhiwa yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama halmashauri yenu ina afisa kilimo mwenye kipima unyevu, mwombeni aje siku ya kufunga magunia. Kama hayupo, tumieni chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa na yenye mfuniko, weka vijiko viwili vya chumvi ya unga uliyoianika juani au kuikaanga kikaangoni hadi ikakauka, kisha jaza punje hadi theluthi ya chupa. Tikisa kwa dakika moja, iache itulie kwa dakika 10, halafu utazame kuta za chupa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka bado ni mbichi na irudi juani.

Kipimo hiki kina upungufu mmoja ambao wengi hawauelezi. Chumvi huacha kuganda unyevu unaposhuka chini ya asilimia 15 hivi, na hapo mahindi bado hayajafika 13.5. Kwa hiyo chumvi isipoganda, msikimbilie kufunga: yaanikeni siku moja au mbili zaidi za jua kali, ambalo Dodoma mwezi Julai halina shida kupatikana. Sampuli ichukuliwe katikati na chini ya rundo, kwa kuwa juu hukauka kwanza na kumdanganya mpimaji.

Hatua ya nne: funga katika mifuko isiyopitisha hewa.

Tunatumia mifuko ya PICS ya kilo 100, ambayo ina mifuko miwili ya nailoni nzito ndani na kiroba kimoja nje. Wadudu waliomo hutumia hewa iliyobaki, kisha hukosa hewa na kufa, kwa hiyo dawa ya unga haihitajiki kabisa, na ndiyo maana tuliichagua mifuko hii kwa chakula cha wagonjwa na watoto. Kabla ya kutumia, pulizia kila mfuko wa ndani hewa, ukunje mdomo na uukandamize karibu na shavu lako: tundu dogo utalisikia. Jaza nafaka kidogo kidogo ukiishindilia ili hewa itoke, acha sentimita 30 hivi za mdomo, usokote, uukunje na uufunge kwa kamba imara. Fanya hivyo kwa mfuko wa pili, kisha kwa kiroba cha nje. Usifungue tena kuchungulia, kwa sababu kila ukifungua unawarudishia wadudu pumzi.

Mfuko huu hauikaushi nafaka. Mahindi mabichi yakifungwa humo yataoza kwa usiri mkubwa kuliko katika kiroba cha kawaida. Magunia yapangwe juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, katika chumba kilichofagiliwa, kwa sababu panya akitoboa nailoni kazi yote imekwisha. Ghala letu lina kufuli mbili, na funguo zake zinashikwa na watu wawili wa jumuiya tofauti. Tangu tuanze utaratibu huo hakuna aliyemnong'ona mtunza ghala, ambaye ni mimi.

Hatua ya tano: chagua kaya mwezi Desemba na ugawe bila kuita majina.

Kila jumuiya hupendekeza kaya, na orodha hupitiwa pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, anayejua pia kaya zisizokuja kanisani. Tunatazama mambo matatu: wazee wanaolea wajukuu peke yao, nyumba iliyokuwa na mgonjwa wakati wa kilimo, na nyumba ambayo watu wake wameonekana wakienda kibarua huku shamba lao likiwa limepandwa. Dini ya kaya haiulizwi. Katika kijiji chetu Waislamu wamekuwemo kila mwaka, na imamu amewahi kutuletea debe tatu za mtama kutoka kwa watu wake.

Mara ya kwanza tuliwaita watu mbele ya madhabahu baada ya ibada, wakapokea huku wanatazamwa. Wajane wawili hawakuja, na tulikuja kujua baadaye kwamba walilala na njaa kuliko kusimama pale. Sasa mzee wa jumuiya huupeleka mzigo nyumbani jioni, kilo 30 wiki ya kwanza ya Januari na 30 nyingine mwanzoni mwa Februari, na anayepokea hutia dole gumba katika daftari. Anapopeleka mzigo wa Februari huomba pia kuonyeshwa shamba. Likiwa limepaliliwa, nafaka imefanya kazi yake. Likiwa limefunikwa na magugu, aulize kwa upole kilichotokea, kwa sababu mara nyingi ni ugonjwa au deni, na hilo linahitaji msaada wa namna nyingine.

Mvua zikikosekana, mpango huu hupungua nguvu pale unapohitajika zaidi: watoaji huwa wachache na wahitaji huongezeka. Kwa sababu hiyo sehemu ya fedha za washarika wa mjini huachwa benki kila mwaka. Msimu wa namna hiyo tukiuona mapema, yaani mtama ukinyauka mwezi Februari, tunanunua nafaka mapema bila kungoja Julai, kwa kuwa wafanyabiashara nao huliona shamba kama tunavyoliona sisi.

Mwezi Aprili mifuko mitupu hukung'utwa, huanikwa na kupuliziwa tena hewa shavuni. Isiyo na tundu hutumika msimu unaofuata. Yenye tundu tunawapa akina mama wafunike kuni zao za jikoni.