Shati jeupe kuwa jekundu kwenye Photopea

Wengi wakibadilisha rangi ya shati jeupe wanaweka modi ya leya ya Color halafu wanashangaa mbona shati bado jeupe. Ile modi inabeba rangi tu, mwanga wa picha inauacha vilevile, sasa nyeupe itakolea wapi? Kwa shati jeupe tumia Multiply. Color iache kwa shati la kijivu au la bluu ya kati.

Fungua picha, chukua Quick Selection, pakaza juu ya shati. Ikimeza shingo shika Alt upakaze hapo, itatoka. Kabla ya kuendelea nenda Select > Modify > Contract weka 1, halafu Feather 1 (kama picha ni kubwa sana ongeza kidogo). Sasa Layer > New Fill Layer > Color Fill, chagua nyekundu, leya inakuja na maski yake tayari, kisha badili Normal iwe Multiply, na hapo utaona mikunjo na vivuli vyote vimebaki. Kama vivuli vimekuwa vizito mno chagua nyekundu nyepesi zaidi, usikimbilie Opacity, maana ukiishusha shati linapauka.

Kingo ndo zenye kazi. Vuta karibu kwenye kola, bonyeza maski, chukua brashi laini ndogo: nyeusi inafuta rangi iliyopanda kwenye ngozi, nyeupe inajaza ule mstari mweupe uliobaki pembeni. X inabadilishana hizo mbili. Vifungo vilivyomezwa na rangi, ifute hivyohivyo kwa nyeusi.