Kabla hujagusa kichwa cha wasifu wako Upwork

Mfasiri mmoja ninayemfahamu, muuguzi wa zamani anayeishi Morogoro, alikaa Upwork, jukwaa la kutafutia kazi mtandaoni, miezi kadhaa bila kupata mwaliko wa maana kutoka kwa wateja. Kichwa cha wasifu wake kilisomeka hivi:

```
Hardworking Freelancer | Language Expert | Data Entry
```

Ukimuuliza kazi yake, atakwambia anatafsiri fomu za ridhaa na madodoso ya utafiti wa afya kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Kwenye kichwa chake hamkuwa na hata neno moja la kazi hiyo. Neno *Swahili* lenyewe lilikuwa limejificha katika aya ya tatu ya muhtasari. Mialiko miwili mitatu aliyoipata ilikuwa ya kujaza majedwali, na waliomwalika hawakukosea: walitafuta mtu wa kujaza majedwali, wakampata.

Tulikaa jioni mbili kuurekebisha wasifu ule. Jioni ya kwanza hatukuandika chochote, na ndiyo iliyotusaidia zaidi.

Jambo la kwanza ni kujua mteja unayemtaka anaiitaje kazi yako. Wewe unaiitaje, hilo halimhusu. Njia rahisi ni kwenda kwenye kazi zilizotangazwa, utafute neno *Swahili*, kisha usome matangazo ishirini hivi huku una kalamu mkononi. Kila tangazo ambalo ungelifurahia, nakili maneno aliyotumia mteja kama yalivyo, bila kuyasahihisha. Yale usiyoyataka, kama kuchapa au kufundisha watoto mazungumzo, yaruke. Sisi tulipofika tangazo la kumi na mbili tayari tulikuwa tunaona yale yale yakijirudia: *English to Swahili*, *translator*, *consent forms*, *survey*, *medical*. Neno *linguist*, ambalo yeye alilipenda kwa sababu lina heshima, lilionekana mara moja tu. *Language expert* hatukuliona kabisa.

Hapo pia ndipo utakapoona jambo linalotutega sisi wenye lugha. Tumefundishwa kwamba jina la lugha ni Kiswahili, na wengi huandika *Kiswahili* hata katika sentensi ya Kiingereza. Mteja wa Marekani au Uingereza huandika *Swahili*. Kwa hiyo *Swahili* ndilo la kuweka kwenye kichwa, na *Kiswahili* unaweza kuliweka mara moja ndani ya muhtasari, kwa ajili ya mteja wa Nairobi au Dar es Salaam anayelitumia. Kampuni za tafsiri nazo zina mazoea yao: hutenganisha Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya, na huandika kwa msimbo, `sw-TZ` au `sw-KE`. Kama unafanya cha Tanzania, sema hivyo waziwazi. Mtafiti anayeitaka fomu isomwe na kinamama wa Kilosa hataki kuletewa maneno yanayotumika Nakuru, na anayetaka ya Nakuru hataki ya Kilosa.

Jambo la pili ni kujitafuta mwenyewe kwa macho ya mteja. Akaunti ile ile ya Upwork inakuruhusu kufungua upande wa mteja bila malipo, na ukiwa huko unaweza kutafuta watu kama mteja anavyotafuta. Andika yale maneno uliyoyaokota, uangalie kadi zinazotokea. Utagundua kwamba mteja haoni wasifu mzima. Anaona picha, kichwa, bei ya saa, alama za mafanikio kwa walio nazo, na mistari michache ya mwanzo wa muhtasari. Hapo ndipo anapoamua kufungua au kupita.

Tulipoandika *Swahili translator* tupu, tulikutana na msururu wa watu wenye kazi nyingi zilizokamilika na maoni mazuri. Mtu mgeni hawezi kuwapita hao kwa kubadilisha kichwa peke yake, kwani utafutaji hupima na historia ya kazi pia. Tukaongeza *medical*, msururu ukapungua. Tulipoongeza *consent forms*, wengi wa waliobaki walikuwa wafasiri wa jumla ambao neno hilo halimo popote kwenye kadi zao. Hapo ndipo tulipoona pa kusimama.

Aliguna kidogo. "Kaka, nikijibana hivyo si nitakosa zile kazi nyingine?"

Nilimuuliza ni zipi hizo anazozipata sasa. Akacheka. Lakini swali lake lina haki yake, na jibu lipo: Upwork humruhusu mtu kuwa na wasifu maalumu, hadi miwili, pembeni ya ule wa jumla. Kama kujaza majedwali kunakulipia kodi ya nyumba, kupeleke kwenye wasifu wake, na kichwa chake, na muhtasari wake. Ukivichanganya vyote kwenye kichwa kimoja, kila mteja atakuona nusu mtu.

Kabla ya kuandika, pitia haraka mipangilio. Sehemu inayoitwa *Visibility* iwe *Public*, vinginevyo unaweza kupamba wasifu usioonekana na watu unaowalenga. Kundi la kazi liwe la tafsiri. Ujuzi unaouchagua kutoka kwenye orodha ya jukwaa ufanane na maneno uliyoyakusanya, na ule wa zamani usiokuhusu uondoe. Kwenye lugha, Kiswahili kiwekwe kwenye kiwango cha mzawa. Dakika kumi zinatosha.

Sasa kichwa. Nafasi ni herufi 70, na nafasi tupu na vistari vinahesabiwa. Si nyingi, kwa hiyo kila neno lazima lijibu swali moja: kuna mteja anayeliandika hili kwenye kisanduku cha kutafutia? *Hardworking* haliandikwi na mtu. *Expert*, *passionate* na *reliable* pia ni sifa ambazo mteja hujiamulia mwenyewe baada ya kazi. Yakishaondoka hayo, weka kazi na jozi ya lugha mwanzo kabisa, kwa sababu kioo cha simu kinaweza kukata mwisho, kisha fuata na eneo lako. Tulifika hapa:

```
English to Swahili Translator | Medical Consent Forms, Surveys
```

Ni herufi 62. Tungeweza kujaza nane zilizobaki, tukaona hakuna haja. Angalia pia mwelekeo wa lugha. *English to Swahili* na *Swahili to English* ni kazi mbili tofauti kwa mteja makini, maana kwa kawaida hutafutwa mtu anayetafsiri kwenda lugha aliyokua nayo. Ule mwelekeo wa pili utautaja ndani ya muhtasari.

Muhtasari unaruhusiwa kufika herufi 5,000, na hiyo isikudanganye. Mistari miwili ya kwanza ndiyo inayoonekana kwenye kadi, na wengi wetu tunaitumia kusalimia. Wa kwake ulianza kwa *Hello! I am a hardworking and reliable freelancer*, yaani nafasi ya thamani kuliko zote ilitumika kurudia kichwa kilichokuwa kibovu tayari. Tabia ya kuanza na hujambo ni njema barazani, lakini hapa mtu anapitia kadi thelathini akitafuta jambo moja. Tukaandika:

```
I translate consent forms, patient leaflets and health surveys
from English to Swahili for research teams working in Tanzania.
```

Sentensi hiyo moja inabeba maneno ya utafutaji karibu yote, na bado inasomeka kama mtu anavyozungumza. Ukiona sentensi yako haiwezi kusomwa kwa sauti bila kujikwaa, basi umesindilia maneno. Kurudia *Swahili translator* mara tisa kwenye aya moja hakumshawishi anayesoma, na anayesoma ndiye anayelipa.

Baada ya hapo andika kitu ambacho mfasiri wa jumla hawezi kukiandika. Mfasiri wetu huyu aliwahi kukaa na wagonjwa wakisaini fomu hizo. Anajua kwamba "kushiriki kwa hiari" lazima kueleweke na mtu aliyeishia darasa la nne, na kwamba katika tafiti nyingi fomu ikishatafsiriwa hupewa mtu mwingine airudishe kwenye Kiingereza ili ilinganishwe na ya asili. Aliposema amezoea kufanya kazi katika utaratibu huo, na akaliandika neno *back-translation* ambalo watafiti hulitumia, alimwambia mteja kwamba anayajua mazingira yake. Hapo pia ndipo tulipotaja *Kiswahili*, `sw-TZ`, na uuguzi wake wa zamani. Aya tatu fupi zilitosha.

Mambo mawili usiyaandike. Namba ya simu na barua pepe havitakiwi kwenye wasifu. Masharti ya Upwork yanakataza kubadilishana mawasiliano ya nje kabla ya mkataba, na akaunti inaweza kufungiwa kwa hilo. La pili ni majina ya hospitali au mradi uliofanyia kazi chini ya makubaliano ya siri. "Dodoso la afya ya mama na mtoto, kurasa 14" linatosha kuonyesha uzoefu bila kumsaliti mtu.

Kabla ya kubonyeza hifadhi, nakili kichwa na muhtasari wa zamani kwenye daftari au faili, uandike tarehe, na idadi ya mara wasifu ulivyofunguliwa kama ukurasa wa takwimu zako unavyoonyesha siku hiyo. Kisha uache wiki tatu hivi. Anayebadilisha kila siku hatajua kilichomsaidia ni kipi.

Wiki hizo zikipita, namba zitakuelekeza pa kugusa. Kama wasifu haufunguliwi kabisa, basi maneno ya kichwa siyo wanayoandika wateja, au unashindana mahali palipojaa mno. Rudi kwenye yale matangazo. Kama unafunguliwa lakini hakuna anayeandika, kichwa kinafanya kazi yake, na shida iko kwenye muhtasari, bei, au sampuli za kazi. Kama mialiko inakuja ila si ya kwako, bado kuna neno la zamani linaloita watu wengine. Kwake lilikuwa *typing*, lililosahaulika kwenye orodha ya ujuzi. Alilifuta, akaandika tarehe nyingine kwenye daftari.